Mkopo nimeumaliza tangu Februari, kiwandani bado wananikata

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda kimoja hapa Jinja. Mwanzoni mwa 2023 nilichukua mkopo wa mshahara benki, shilingi 6,000,000 za kulipa kwa miezi 36, riba asilimia 24 kwa mwaka ikipigwa kwenye salio linalobaki. Rejesho likatoka 235,397 kwa mwezi. Kiwanda kikaweka sahihi kwamba kitakuwa kinalikata kwenye mshahara wangu na kulipeleka benki, kuanzia Februari 2023 hadi Januari 2026.

Januari mwaka huu wa 2025, baada ya kukatwa mara 24, tuligawana shamba la marehemu baba huko Busia, nami nikauza fungu langu. Niliona heri nilimalize deni kuliko kuiacha hela iliwe kidogo kidogo. Benki wakanipigia hesabu: salio 2,489,404, na juu yake riba ya siku chache pamoja na ada ya kumaliza mapema. Nililipa yote tarehe 5 Februari. Nikapewa risiti, taarifa ya mkopo inayoonyesha salio sifuri, na barua yenye muhuri inayosema mkopo umefungwa. Nakala za karatasi hizo nikazipeleka ofisi ya wafanyakazi wiki hiyohiyo.

Mwisho wa Februari nikakatwa. Hilo sikulipigia kelele, maana orodha ya mishahara kwetu hufungwa tarehe 18 na nilidhani karatasi zangu zimechelewa kumfikia mhasibu. Lakini Machi, Aprili na Mei wameendelea. Hati yangu ya mshahara ya Mei ninayo hapa mbele yangu: mshahara 1,100,000, kodi ya PAYE 232,000, NSSF 55,000, kisha mstari umeandikwa "mkopo benki" 235,397. Mkononi zinabaki 577,603. Kama si mstari huo ningepokea 813,000. Kwa miezi minne wamenikata 941,588 za mkopo ambao haupo.

Nilipomwendea mhasibu, mama mmoja ambaye kwa kweli hana ubaya na mtu, aliniambia, "Mwanangu, mimi barua yako nimeiona, lakini imeandikiwa wewe. Kiwanda kiliwaahidi benki kwamba hakitasimamisha makato mpaka wao wenyewe watuandikie. Nikisimamisha kwa karatasi uliyoleta wewe, kesho wakisema bado wanadai, atalipa nani?" Benki nao wakasema barua ya kufunga mkopo hupewa mteja, mwajiri akitaka nyingine na aiombe. Hapo nikawa mpira, huyu ananipiga kwa yule.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, mume wa dada, aliyewahi kufanya kazi benki upande wa mikopo. Alisema, "Shemeji, huyo mama ana haki nusu. Ile ahadi ni kati ya kiwanda na benki, wewe huwezi kuifuta. Usibishane naye, mletee barua iliyoandikwa kwa jina la kiwanda." Akanielekeza iwe na nini ndani: jina langu na namba yangu ya kazi kama zilivyo kwenye orodha ya mishahara, namba ya akaunti ya mkopo, tarehe uliyofungwa, na sentensi moja isiyo na kona kwamba benki haidai tena na mwajiri asitishe makato. Namba ya kazi ndiyo alisisitiza zaidi, kwa kuwa kiwandani kuna watu zaidi ya mmoja wenye jina la ukoo kama langu. Barua hiyo nimeipata wiki iliyopita, imetiwa sahihi na meneja wa tawi.

Shemeji aliniuliza pia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: hizo hela zilizokatwa baada ya 5 Februari ziko wapi? Kukatwa ni jambo moja, kufika benki ni jambo jingine. Mhasibu hukata kwenye programu ya mishahara, halafu hutuma benki jumla ya fedha pamoja na orodha ya majina, kila jina na kiasi chake. Benki huchukua orodha ile na kugawa kila kiasi kwenye mkopo wa mhusika. Mkopo ukishafungwa haupokei kitu, kwa hiyo hela hukwama kwenye akaunti ya muda, mahali benki inapoweka fedha zisizojulikana za nani mpaka mtu ajitokeze kuzidai. Ndiyo sababu taarifa ya mkopo wangu inaonyesha sifuri tangu Februari na chini yake hakuna mstari hata mmoja. Mtu akiitazama hiyo peke yake atasema kiwanda hakijapeleka hela, kumbe si lazima.

Basi nikarudi benki, safari hii sikuuliza habari za mkopo, niliuliza malipo yaliyotoka kwa mwajiri wangu. Ofisa akafungua orodha kwenye kompyuta, akanionyesha mstari wangu tu kwa sababu nyingine ni za wenzangu. Ya Februari ipo, ya Machi ipo, zote mbili zimekaa kwenye akaunti ya muda, jumla 470,794. Orodha ya Aprili na ya Mei jina langu halimo kabisa.

Yaani Aprili mtu alinitoa kwenye orodha ya benki, ila kwenye programu ya mishahara akaniacha. Mimi nakatwa, benki hawapati, na 470,794 nyingine ziko kiwandani. Sitaki kumwita mtu mwizi. Nikimtazama yule mama na rundo la mafaili yake naona ni kazi ya karatasi mbili zinazotengenezwa mbalimbali, ukirekebisha moja nyingine haijirekebishi. Lakini hela ni zangu, na watoto muhula huu wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Nilipomweleza haya mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, alinishauri nivumilie mpaka Januari 2026, programu itajisimamisha yenyewe, kisha watapiga hesabu na kunirudishia zote kwa pamoja. Aliongea kwa upole, hata chai akaniagizia. Mimi naona huo ni mkopo mwingine, safari hii mimi ndiye ninayemkopesha kiwanda, tena bila riba.

Nimeandika barua ya kumpelekea. Kiwandani itakwenda kwa Kiingereza, lakini naiweka hapa kwa lugha yetu muisome mnikosoe:

"Kwa Mkuu wa Ofisi ya Wafanyakazi. Nakala: Mhasibu wa Mishahara.

Yah: Kusitisha makato ya mkopo uliokwisha lipwa na kurejeshewa fedha.

Mkopo wangu wa mshahara ulilipwa wote na kufungwa tarehe 5 Februari 2025. Naambatanisha nakala ya risiti, taarifa ya mkopo yenye salio sifuri, na barua ya benki iliyoandikwa kwa kiwanda ikithibitisha kwamba haidai tena. Hata hivyo nimekatwa 235,397 katika kila mshahara wa Februari, Machi, Aprili na Mei, kama hati zangu za mshahara zilizoambatanishwa zinavyoonyesha.

Naomba, kwanza, kato hili liondolewe kwenye programu ya mishahara kabla orodha ya Juni haijafungwa. Pili, nirejeshewe 470,794 za Aprili na Mei, ambazo kwa maelezo ya benki hazikupelekwa kwao, pamoja na mshahara wa Juni. Tatu, nipewe uthibitisho wa maandishi kwamba 470,794 za Februari na Machi zilipelekwa benki kwa jina langu, ili nizidai huko. Idhini yangu ya kukatwa ilikuwa ya mkopo huu tu, nao umekwisha."

Ombi la tatu ni la shemeji. Anasema benki haitatoa hela kwenye akaunti ya muda kwa maneno yangu matupu, kwa sababu aliyezileta ni kiwanda, na kiwanda kinaweza kuja kudai kwamba ni zake. Nitapeleka nakala mbili, moja nigongewe muhuri wa kupokelewa na tarehe nibaki nayo. Karatasi halisi zote zinabaki nyumbani.

Sasa naomba ushauri wenu kwa haya yanayonikosesha usingizi.

La kwanza, je, ni sawa kugawa madai hivi, nusu benki na nusu kiwandani? Mwenzangu mmoja wa stoo anasema nikidaie kiwanda zote 941,588, maana ndicho kilichonikata, kisha chenyewe kikahangaike na benki. Maneno yake yana uzito, lakini naogopa njia hiyo itamfanya mhasibu asimame upande wa benki badala ya kunisaidia.

La pili ni afisa wa kazi wa wilaya. Najua Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya mshahara yanayotaja kila kato na sababu yake, na najua malalamiko ya makato yasiyo halali hupelekwa kwake kabla ya kufikiria Mahakama ya Viwanda. Je, barua hii ya kwanza niiandike "nakala kwa afisa wa kazi", au hilo niliweke akiba mpaka nione mshahara wa Juni? Mkataba wangu unaisha Septemba, na hapa kwetu mtu anayejulikana ofisi ya kazi hapewi mkataba mwingine kirahisi. Hawatakwambia sababu, watasema nafasi zimepungua.

La tatu ni kwa waliowahi kudai hela kwenye akaunti ya muda. Nasikia kila benki ina ofisi ya malalamiko, na usiporidhika unaweza kupanda hadi Benki Kuu ya Uganda. Benki iliwarudishia kwenye akaunti zenu wenyewe, au ilizirudisha kwa mwajiri mkaanza kuzifuata upya? Kama ni hilo la pili, ni afadhali nijue mapema niibadilishe barua.

Orodha ya Juni inafungwa tarehe 18, na ningependa barua iwe mezani kwao siku kadhaa kabla. Atakayeona neno la kuongeza au la kupunguza anijibu haraka.

Wenu,
Mtunza stoo, Jinja