Barua kwa Hamisi kuhusu nyumba ya Tabata

Kwako rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Nimefurahi kusikia umepata nyumba Tabata, ila umeniambia unataka kulipa kodi ya miezi sita wiki hii. Kabla hujatoa pesa, rudi pale mchana na uombe uoneshwe meni swichi. Watu wengi hukagua bomba la maji na milango, umeme wakaridhika taa zikiwaka tu.

Fungua kile kimlango cha mbele uzisome breka. Mfuniko wenyewe usiuguse, huo ni wa fundi. Kila breka ina namba yake: 10, 20, 32. Hiyo ndiyo kiasi cha umeme, kwa ampia, inachoruhusu kupita bila kukata. Kazi yake ni kuulinda waya, kwa hiyo namba lazima iendane na unene wa waya. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba moja na nusu, na breka yake ni 10. Soketi hutumia waya wa mbili na nusu, na ukienda njia moja tu kutoka kwenye breka, breka ya 20 inautosha. Ukikuta 32 kwenye laini ya namna hiyo, uliza ni nani aliyeibadilisha na kwa nini.

Nakwambia hivyo kwa sababu mwaka jana nilimkagulia mpwa wangu nyumba iliyokuwa na hita ya bafuni. Ubavuni iliandikwa wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampia 24. Mwenye nyumba alikiri kwamba mwanzoni breka ilikuwa ya 20 na ilikuwa ikikata kila mtu akioga, fundi akaweka ya 32 na tatizo likaisha. Nilizima umeme, nikafungua mfuniko. Waya ulikuwa uleule wa mbili na nusu. Plastiki yake karibu na breka ilikuwa imegeuka kahawia na kukakamaa, nilipoikunja kidogo ikapasuka. Breka ya mwanzo ilikuwa inasema kweli, wakainyamazisha. Tulivuta waya mpya wa sita kutoka meni swichi mpaka bafuni, ndipo breka ya 32 ikapata mahali pake. Wewe waya huwezi kuuona ulivyo ndani ya ukuta, lakini hita unaiona na namba ya breka unaiona. Hizo mbili zinatosha kukupa swali la kumuuliza mwenye nyumba.

Ukitoka hapo nenda kwenye soketi. Angalia matundu: alama ya kahawia au plastiki iliyoyeyuka maana yake waya umelegea kwenye skrubu, na palipolegea hupata joto. Mara nyingi utasikia na harufu kama ya samaki aliyeungua. Beba jagi lako la umeme, chemsha maji kwenye kila soketi ya jikoni, halafu lichomoe ushike plagi. Vuguvugu si neno. Ikiwa moto kiasi cha kuondoa mkono, usiitumie mpaka ifunguliwe. Soketi inayocheza ukutani, au waya uliofungwa tepu ukining'inia darini, andika pembeni kwa fundi.

Jambo lingine ni athi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Zunguka nje karibu na mita, tafuta fito iliyochomekwa ardhini na waya wa kijani na njano uliofungwa juu yake. Waya huo mara nyingine hukatwa na watu wanaotafuta shaba, na ndani ya nyumba hakuna kitu kitakachokuonesha: taa zitawaka, friji litapoza. Utajua siku unapogusa mlango wa friji miguu ikiwa imelowa. Testa ya bisibisi haitakusaidia hapa, inaonesha waya wenye moto tu. Hata ukiiona fito, fundi ndiye atakayeipima kwa kifaa chake.

Kwenye meni swichi kukiwa na breka pana yenye kitufe kilichoandikwa T na namba 30 mA, hiyo hukata umeme unapovuja kupitia mwili wa mtu. Mwombe mwenye nyumba akiminye mbele yako. Ikikataa kukata, imekufa na inabidi ibadilishwe. Ikiwa haipo kabisa, mimi ningeomba iwekwe kabla ya kuhamia, hasa ukiwa na hita na watoto.

Jumamosi nina nafasi kuanzia saa nne. Mwambie mwenye nyumba kwamba utakuja na fundi, nami nitaleta bisibisi na mita ya kupimia. Akikataa mfuniko ufunguliwe, nipigie simu kabla hujamlipa.

Ni mimi rafiki yako,
Saidi