Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miswada Iliyorudishwa

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia miswada yetu iliyokataliwa mwaka huu na majarida na mashindano.

Barua nyingi zilizotufikia zinafanana: shukrani, kisha "kazi yako haikuchaguliwa". Barua hiyo hutumwa kwa kila mtu. Huenda toleo limejaa, au mhariri ameshapokea hadithi nyingine yenye mada ileile. Imeniuma kuona wenzetu wakibomoa hadithi nzima kwa sababu yake. Barua ya kufanyia kazi ni ile inayogusa jambo la ndani ya hadithi, hata kwa sentensi moja.

Mwenzetu mmoja alipata barua ya namna hiyo. Hadithi yake ya mkulima wa mwani, yenye maneno 6,400, ilirudi na maelezo kwamba msomaji anachelewa kujua mhusika anataka nini. Hakuikata papo hapo. Tuliwapa wasomaji watatu nakala bila kuwaonyesha barua, tukawaomba waweke alama pembeni kila wanapochoka. Wawili waliweka alama palepale, kwenye kurasa za historia ya bibi. Wa tatu alilalamikia lahaja ya Kimakunduchi katika mazungumzo, lakini wenzake waliipita bila kukwama. Mwandishi akaondoa historia ya bibi, akabakiza mistari michache pale mjukuu anapoirithi kamba ya mwani, na lahaja hakuigusa. Naona aliamua vyema, maana lahaja ile ndiyo sauti ya wahusika wake.

Hadithi ilibaki na maneno 4,700, na hapo mlango mwingine ukafunguka. Shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili zenye maneno kati ya 2,000 na 5,000, bila ada. Kwa urefu wa awali isingekubaliwa hata kama ingekuwa bora kuliko zote. Ameituma huko, na majibu bado.

Wenye riwaya na diwani ambazo hazijachapishwa waitazame Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, inayoendeshwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ila nawasihi, mkikataliwa msiweke kazi nzima Facebook kwa hasira. Majarida mengi huhesabu hiyo kuwa imeshachapishwa. Pia someni kama jarida linaruhusu kazi iliyoko kwa mhariri mwingine. Likiruhusu, nanyi mkakubaliwa kwingine, waarifuni siku hiyohiyo.

Kamati itaendelea kusomeana miswada. Anayeleta mswada aje na barua aliyojibiwa, lakini amkabidhi katibu ikiwa imefungwa, ili wasomaji wasiione kabla hawajaweka alama zao.

Mwenyekiti