Umeme umerudi, TV ya Mama inaandika No Signal: maelekezo ya kumsomea kwa simu

Makala haya ni kwa wateja wetu mlio nje ya nchi na wazazi wenu wako hapa Mwanza. Umeme unakatika jioni, unarudi muda mfupi kabla ya taarifa ya habari ya saa 2, na Mama anapiga simu kusema TV imeharibika. Mara nyingi TV ni nzima. Imewaka huku ikitazama tundu ambalo halina king'amuzi.

Nyuma ya TV kuna matundu kadhaa: HDMI 1, HDMI 2, AV, na la antena. TV huonyesha tundu moja tu kwa wakati mmoja. Ikizimwa kwa rimoti hukumbuka ilipokuwa, lakini umeme ukikatika ukutani baadhi ya TV huanza upya kwenye antena, na zile za intaneti huanza kwenye ukurasa wenye YouTube na programu nyingine. Nyingine hurudi pale pale kwenye HDMI, zikakuta king'amuzi hakijaamka, zikahama zenyewe. King'amuzi huchukua dakika 1 hadi 3 kuwaka kikamilifu, wakati TV iko tayari mapema zaidi.

Kwa hiyo usianze na kitufe cha SOURCE. Anza na king'amuzi. Kikiwa kimelala, hata Mama akifika kwenye tundu sahihi ataona No Signal ile ile, atalipita, na mtazunguka orodha nzima bila kupata kitu.

Piga simu ya kawaida. Ruta ya nyumbani nayo inaweza kuwa bado inaamka, na simu ya video itamfanya ashike simu kwa mkono anaouhitaji kwa rimoti. Akishapokea na kusalimiana, msomee hivi, taratibu, sentensi moja kwa wakati:

"Mama, weka simu kwenye spika, uilaze mezani. Sasa tazama king'amuzi, kile kisanduku kidogo chini ya TV. Kina taa?"

Akisema hakuna taa kabisa, swichi ya ukutani imezimwa au plagi imelegea. Kama nyumba ina kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme kupanda na kushuka, chenyewe huchelewesha umeme kwa makusudi. Cha TV huchelewa kama nusu dakika, lakini cha friji huchukua dakika kadhaa, na wapo waliochomeka TV kwenye cha friji. Subirini kwanza.

Akisema taa ni nyekundu, kwa ving'amuzi vingi maana yake kimelala.

"Chukua rimoti ya king'amuzi, si ya TV. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu. Usirudie. Tusubiri kidogo."

Akibonyeza mara mbili atakiwasha na kukizima. Mpe dakika 2 nzima, muulize habari za majirani. Taa ikibadilika rangi, au namba zikitokea usoni pa king'amuzi, endelea.

"Weka hiyo rimoti kwenye kochi. Sasa shika rimoti ya TV. Tafuta kitufe kilichoandikwa SOURCE au INPUT, kipo juu, karibu na cha kuwashia. Kama hakina maneno, kina mchoro wa mshale unaoingia kwenye kisanduku. Kibonyeze mara moja. Umeona orodha? Nisomee majina yote."

Hapa ndipo wengi wanakosea: wanasema "shuka mara mbili". Kushuka mara mbili kunategemea alama ilikuwa wapi mwanzoni, na wewe huioni. Mtajie jina la mwisho wa safari, tuseme HDMI 2, na yeye akuambie rangi imekaa juu ya jina gani. Kwenye TV nyingine anashuka kwa mshale kisha anabonyeza OK; kwenye nyingine kila akibonyeza SOURCE alama inashuka hatua moja, na akiacha sekunde chache TV inachagua yenyewe. Orodha ikipotea kabla hajamaliza, hakuna kilichoharibika, aifungue tena.

"Ukifika kwenye HDMI 2, bonyeza OK, halafu hesabu mpaka 10 kabla hujagusa kitu."

Picha ya HDMI hukawia sekunde kadhaa kutokea. Asipohesabu atahama mapema.

TV ikiwa kwenye antena inaweza kumwomba atafute chaneli, kwa maneno kama Auto Tuning. Mwambie akatae, abonyeze EXIT. Utafutaji huo unakula dakika kadhaa na haugusi king'amuzi hata kidogo.

Tuchukue mfano. Mama yuko Nyegezi, king'amuzi cha dishi kimechomekwa HDMI 2, TV imewaka kwenye HDMI 1. Amekiamsha king'amuzi, amechagua HDMI 2, amehesabu, na bado anasema "imeandika tu". Muulize maandishi yanatembea au yamesimama. No Signal ya TV mara nyingi huhamahama kwenye kioo kitupu. Ujumbe wa king'amuzi husimama ndani ya kisanduku, mara nyingi ukiwa na namba, kama E48-32 ya DStv. Kuthibitisha, arudi kwenye rimoti ya king'amuzi abonyeze MENU. Menyu ikitokea kwenye kioo, tundu ni sahihi na kazi ya SOURCE imekwisha. Tatizo liko kwenye dishi, waya, au malipo. Kwa E48-32, king'amuzi hakipati mawimbi ya dishi. Kama mvua bado inanyesha kutoka ziwani, ngojeni ipite, kwa sababu mvua nzito peke yake hukata mawimbi. Ikiwa imekatika na ujumbe umebaki, upepo huenda umesogeza dishi, na hilo halitengenezwi kwa simu.

Rimoti ya TV ikiwa imepotea au betri zimekwisha, kuna vitufe kwenye TV yenyewe, pembeni au chini ya ukingo. Kwenye TV nyingi zenye vitufe kadhaa, abonyeze SOURCE, ashuke kwa CH, na VOL+ ndiyo inayokubali. Zenye kitufe kimoja tu zinasumbua kueleza kwa sauti; afadhali mjukuu atumwe dukani kununua betri.

Maelekezo haya hayatakusaidia kama hujui king'amuzi kiko tundu gani. Ukija likizo, piga picha tatu: nyuma ya TV, rimoti zote mbili, na orodha ya SOURCE ikiwa wazi. Weka nukta ya rangi ya kucha kwenye kitufe cha SOURCE, ili useme "bonyeza chenye nukta". Sisi tukifunga TV tunabandika karatasi yenye jina la tundu kwenye ukingo wa chini wa kioo. TV yenyewe ikiruhusu, tunabadilisha jina HDMI 2 lisomeke KINGAMUZI.

Taa ya king'amuzi ikiwa imewaka vizuri, MENU haitokei, na mmejaribu kila HDMI kwenye orodha, waya wa HDMI umelegea au tundu limeungua umeme uliporudi kwa nguvu. Aguse ncha zote mbili za waya azisukume ndani. Hilo nalo likishindikana, tutumie picha zile tatu, na fundi atakuja na waya wa akiba, ajaribu king'amuzi kwenye TV nyingine kabla hajasema kipi kimekufa.