Mvua ya saa mbili imetandazwa siku nzima

Ndugu Mhariri,

Habari yenu kuhusu lambo la kata yetu huku Handeni, ile yenye picha ya viongozi wakinyoosha vidole porini, ilisema usanifu umekamilika kitaalamu. Diwani ametuonyesha ripoti yenyewe. Nimesoma sura ya mvua na mtiririko, nikaona nikinyamaza tena nitapasuka.

Chanzo cha takwimu, wanaandika wasanifu, ni kituo cha Tanga mjini, kwa kuwa eneo la mradi halina kumbukumbu za mvua. Halina! Nilikuwa karani wa shamba la mkonge. Kila siku saa tatu asubuhi nilisoma kipimamvua na kuandika kitabuni, na vitabu ninavyo. Kijana wao alipokuja nilimwekea mezani. Akanywa madafu, akapiga picha ng'ombe, akasema, "Mzee, hivyo havimo kwenye mfumo." Basi wakachukua wastani wa pwani, kwenye mvua nyingi kuliko yetu, wakatupa sisi. Lambo halipimwi kwa mwaka wa wastani; linapimwa kwa mwaka mbaya.

Hilo tungelivumilia, maana lambo likikauka tutarudi kisimani. Linalotisha ni utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi lambo likijaa. Wamechukua mvua kubwa ya siku moja, milimita 96, wakaigawa kwa saa 24, wakapata milimita 4 kwa saa. Kidakio, yaani eneo lote linaloteremshia maji lamboni, ni kilomita za mraba 6, na wamekadiria kuwa asilimia 30 ya mvua hutiririka. Hapo utoro unapitisha mita za ujazo 2 tu kwa sekunde, ndiyo maana wameuchora mwembamba kama mfereji wa bustani. Lakini kipimamvua kinachosomwa mara moja kwa siku hakisemi mvua ilinyesha kwa muda gani. Hilo analijua aliyelowa. Masika huku, mvua ya namna hiyo huanza alasiri na magharibi imekwisha. Gawa 96 kwa saa 2: ni milimita 48 kwa saa, na utoroni zinafika mita za ujazo 24 kila sekunde, mara kumi na mbili ya walichochora! Korongo lina mteremko, maji ya mwisho wa kidakio hushuka kabla mvua haijakatika, kwa hiyo yote yanakutana tutani. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu linachimbika upande wa chini hadi likatike, na huko chini kuna nyumba za watu.

Hesabu hiyohiyo naishuku kwenye kalavati la barabara ya mnadani, linalong'oka kila masika na kurudishwa kiangazi kwa kipenyo kilekile. Mkandarasi halalamiki, na kwa nini alalamike?

Kabla zabuni haijatangazwa, ukurasa huo wa mvua ubandikwe mlangoni pa ofisi ya kata, kwa Kiswahili, uonyeshe kituo kiko kilomita ngapi kutoka lamboni, mvua kubwa imedhaniwa kunyesha kwa saa ngapi, na nani ametia sahihi. Anayetaka vitabu vyangu aje asubuhi na hela yake ya fotokopi. Na nitafuatana naye hadi kwenye mashine.

Karani mstaafu wa mkonge,
Handeni, Tanga