Barua kwa Yaya wa Katuba: mashine ya kusaga na makuta ya ndugu

Liège

Yaya mpendwa,

Barua yako ya kutuomba sisi wa huku tuingie kwenye mashine ya kusaga mahindi ilifika, na niliisoma kwanza peke yangu kabla ya kuipeleka kwa dada wa Kanada na wajomba wawili wa Johannesburg. Bado sijawatumia. Si kwamba nimeikataa. Mimi nataka kuingia. Lakini nawajua hao watatu, kila mmoja alishatoa makuta ya duka fulani ambalo leo hakuna anayeweza kusema liliishia wapi, na barua yako ikifika mikononi mwao ilivyo sasa watajibu kwa salamu nzuri na kunyamaza. Nimeona nikuandikie mimi mdogo wako jinsi ya kuipanga upya. Usinichukulie vibaya.

Uliomba dola 12,000, za mashine na za kununua mahindi ya Zambia kupitia Kasumbalesa ili tuuze unga wenyewe. Toa hayo mahindi. Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na wewe mwenyewe unajua mlango wa Kasumbalesa ukibanwa nini hutokea kwa bei ya bukari hapo mjini Lubumbashi. Makuta yaliyolala ndani ya magunia yanaweza kupotea bila mtu yeyote kuiba. Mtu anayeleta mahindi yake, anasagiwa, analipa na kwenda, huyo hatuweki hatarini kwa stoku. Kwa kazi hiyo peke yake umeandika 6,000. Basi tuombe 6,000, watu wanne, kila mmoja 1,500.

Sasa hesabu yako. Uliandika kwamba itaingia kama dola 600 kwa mwezi na kwamba mwaka mmoja unatosha kuturudishia. Sikuona mshahara wako humo. Yaya, meneja asiye na mshahara atakula kwenye sanduku, si kwa wizi ila kwa njaa, na hatajua mwenyewe amekula kiasi gani. Jiandikie 150. Kijana wa mashine 80, umeme 50, chumba 60, kodi na karatasi za serikali 50, akiba ya vyuma 60. Halafu weka 30 za vilio na matanga, kwa sababu ndugu watakuja kuomba, na ukiwaambia biashara haina kitu hawatakuamini wakati mashine inanguruma. Zikiisha hizo 30, kilio kingine tunachanga kando sisi sote, sanduku la mashine haliguswi. Jumla inakuwa 480. Zinabaki 120, yaani 30 kwa kila aliyetoa. Mtu atarudishiwa 1,500 zake zote baada ya miezi 50. Andika hivyo hivyo, miaka minne na kidogo. Wajomba wataamini miezi 50 kuliko mwaka mmoja. Baada ya hapo faida igawanywe mara tano, nawe uwe wa tano, maana kiwanja na jasho ni vyako.

Ripoti ndiyo iliyonisumbua zaidi. Umeahidi kutuma hesabu kila mwezi, lakini hesabu ya daftari inaandikwa na mkono uleule unaopokea franka. Ningependa kitu ambacho hakiandikwi na mtu, na mashine ya umeme inacho: mita. Hakikisha mita hiyo ni ya mashine peke yake, taa za nyumba na fundi wa kuchomelea wa jirani wasiiguse. Siku ya kwanza, mbele ya Mama Mdogo wa Ruashi, mpime kilo 500 za mahindi makavu, msome mita, msage, msome tena. Tuseme imekula uniti 20. Basi kilo 100 ni uniti 4, na hicho ndicho kipimo chetu. Mwisho wa mwezi mita ikionyesha uniti 480, zimesagwa kilo kama 12,000. Daftari likisema 11,500 hakuna atakayeuliza. Likisema 9,000, tutauliza.

Hata hapo tusikimbilie kumshuku kijana. Nyundo zikilika pembe, mashine inazunguka sana na kusaga kidogo, unga unatoka wa moto, na umeme unaliwa zaidi kwa kilo ileile. Mahindi mabichi ya msimu mpya yanafanya vilevile. Kwa hiyo kabla ya maneno, rudieni kipimo kwa kilo 100 kavu. Zikila uniti 5 na zaidi, geuzeni nyundo upande wa pili au mnunue nyingine, akiba ya vyuma iko. Zikila 4 kama mwanzo, mashine ni nzima, na kama mahindi ya mwezi huo hayakuwa mabichi, daftari ndilo lina upungufu. Chekeche iliyotoboka hutaiona kwenye mita, hiyo wamama watakuambia wenyewe kwamba unga una chenga.

Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi tutumie picha mbili tu, ya mita na ya ukurasa wa daftari. Anayepima na kuandika kilo asiwe anayepokea makuta. Andika franka kama franka, usigeuze kuwa dola wewe mwenyewe, pembeni weka bei ya dola ya siku hiyo. Jioni makuta yaingie M-Pesa kwa namba ya mashine, si namba yako ya kila siku. Akiba ya vyuma iende benki kwa sahihi mbili, yako na ya Mama Mdogo. Wiki mbaya tuma vilevile. Wiki mbili zikipita bila picha, Mama Mdogo atapita kuangalia, na hilo liandikwe tangu sasa ili akija usione umetukanwa.

Na sisi tujifunge pia. Makuta ya kununua hatutayatuma kwako, tutamlipa muuzaji kwa proforma yake, nusu kwanza na nusu mashine ikishafungwa na kusaga gunia la kwanza, nawe utatutumia picha ya namba iliyogongwa kwenye mota. Hapo hakuna wa kusema ulipandisha bei. Na asiwepo ndugu wa kukupigia simu eti umpe dola 50 za sanduku kwa sababu naye alichanga.

Karatasi nayo usiiache. Ukiandikisha kwa jina lako peke yako, sheria itaona mashine ni yako, na siku Mungu akikuita, warithi wataivuta huku na sisi tukiivuta huku, na shemeji na watoto wako watabanwa katikati. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, inawezekana kufungua SARL, yaani kampuni ya mafungu, pale Gishe Inike, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara, fungu la kila mtu likaandikwa ndani ya katiba yake, nawe ukatajwa meneja. Inagharimu zaidi, ulizia bei kamili uiongeze kwenye 6,000.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa watu wa SNEL uulize kama kiwanja kinaweza kupata umeme wa fezi tatu, na kwa saa ngapi umeme upo hapo Katuba kwa kweli. Wakisema hapana, hesabu yote inabadilika, itabidi mashine ya mazuti, na kipimo chetu kitakuwa cha lita badala ya uniti. Nitumie jibu lao na proforma mbili za wauzaji tofauti. Nikizipata, nitaipeleka barua yako kwa dada na wajomba jioni hiyohiyo, na 1,500 zangu ziko tayari.

Msalimie Mama, shemeji na watoto.

Mdogo wako