Uwanja wa kesho asubuhi

Walimu, habari za jioni. Mwenye kipindi cha kwanza afike dakika 10 mapema na wenzake wawili kukagua uwanja kabla watoto hawajacheza. Tembeeni sambamba, hatua mbili kati yenu, goli hadi goli, mkirudia mpaka uwanja uishe. Ukitembea kuelekea jua likiwa chini, vipande vya chupa humeta. Viokoteni kwa koleo, si mkono. Shimo linalomeza kisigino lijazwe udongo, lishindiliwe. Mchanga mtupu huondoka na mvua.

Nguzo za magoli zisukumwe na kuvutwa. Jumatatu, nguzo ya upande wa jikoni ilitikisika. Tukafukua, mbao imeoza ardhini, juu nzima kabisa! Mpaka fundi aibadilishe, upande huo una kamba, hakuna kucheza.