Video inayoruka kila inapojirudia: tunavyoficha mshono

Dada mmoja anayeuza kahawa na kashata alituletea video ya sekunde nne aliyotengenezewa kwingine. Ni katuni nzuri tu: dele linamimina, kikombe kinajaa, mvuke unapanda. Halafu ghafla kikombe ni kitupu na dele linaanza upya. "Kaka, watu wananiuliza kwenye komenti kahawa imekwenda wapi," akatuambia huku akicheka, ingawa pesa alishalipa.

TikTok na Reels huirudisha video mwanzo zenyewe inapoisha. Picha ya mwisho inashonwa na ya kwanza, na kama hazilingani, mtazamaji anauona mshono hata kama hajui anachokiona. Video ya namna hii sisi tunaiita lupu. Wako wanaoiita kitanzi, lakini neno hilo lina harufu mbaya, tumeliacha.

Wazo la kwanza la wateja wengi ni kuichezesha video kinyumenyume ili irudi ilikoanzia. Kwa bembea au tawi la mnazi linaloyumba na upepo, sawa. Kwa kahawa, utaiona ikipanda kutoka kikombeni na kurudi kwenye dele, na biashara yako itageuka kichekesho. Kikombe kilichojaa hakina njia ya kurudi kuwa kitupu bila mtu kuona.

Lakini si lazima kirudi. Inatosha kikombe kingine kikae mahali pake.

Hivyo ndivyo tulivyoichora upya. Badala ya kikombe kimoja tuliweka msururu unaosogea kushoto, kila kikombe kikiwa pikseli 400 kutoka kwa mwenzake. Skrini ya simu tunaichora kwa upana wa pikseli 1080, kwa hiyo vikombe vitatu vinaonekana, na cha nne kinasubiri nje ya ukingo wa kulia. Cha katikati ni kitupu, cha kulia pia ni kitupu, cha kushoto kimejaa. Dele linamimina katikati, kisha msururu mzima unasogea pikseli 400 kamili. Kilichojazwa sasa kiko kushoto, kitupu kimeingia katikati, kingine kitupu kimetokea kulia, na kilichokuwa kushoto kimetoka nje. Picha imerudi kuwa ileile ya mwanzo, ilhali hakuna kikombe hata kimoja kilichorudi nyuma.

Pikseli 400 hizo hazina mjadala. Ukisogeza 396, kila baada ya sekunde nne vikombe vyote vitashtuka pamoja, na jicho hukamata mshtuko huo haraka kuliko unavyodhani.

Hesabu ya fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, ndiyo inayowaangusha wengi, wakiwemo mafundi. Tunatumia fremu 25 kwa sekunde, hivyo sekunde nne ni fremu 100, zinazohesabiwa kuanzia 0 hadi 99. Alama ya mwanzo wa mwendo tunaiweka fremu 0, na ya mwisho fremu ya 100, mahali ambapo picha inafanana na ya mwanzo. Kisha tunatoa video hadi fremu ya 99 tu. Ukiijumuisha ya 100, picha hiyohiyo itaonekana mara mbili mfululizo, na mwendo utashikwa na kigugumizi. Video ya yule dada ilikuwa na kasoro hii pia. Kwenye kikombe haikujulikana, maana kikombe kilikuwa kimesimama. Ilijulikana nyuma yake, kwenye mkeka wa rangi uliokuwa ukipita taratibu.

Mkeka huo ulikuwa na ugonjwa mwingine. Fundi alikuwa ameuwekea `Easy Ease`, yaani mwendo unaoanza polepole na kuisha polepole. Vipimo vyake vilikuwa sawasawa, fremu ya kwanza na ya mwisho zilikutana bila kosa, lakini mkeka ulikuwa ukisimama kila baada ya sekunde nne kama daladala kituoni. Pande mbili za mshono zinatakiwa zikutane kwa mahali na pia kwa kasi. Kinachopita bila kusimama kipewe kasi moja mwanzo hadi mwisho. Ua la mkeka wetu linajirudia kila pikseli 200, tukausogeza pikseli 2 kwa kila fremu. Baada ya fremu 100 ua moja limechukua nafasi ya lingine. Vikombe vyenyewe tuliviachia huo mwendo laini, kwa sababu kwenye mshono vinatulia kweli.

Mvuke ndio uliotuchelewesha. Tuliuchora kwa `Fractal Noise` ndani ya After Effects, programu tunayochorea katuni, ambayo ina kisanduku kiitwacho `Cycle Evolution`. Ukikiwekea alama, ukaweka mzunguko 1, kisha ukaiongoza `Evolution` kutoka 0 hadi mzunguko mmoja kamili katika fremu 100, umbo la mvuke linarudi lilikoanzia. Mtego ni kwamba mvuke unatakiwa upande juu, na kupanda huko, ukikufanya kwa `Offset Turbulence`, hakumo katika mzunguko. Tukalazimika kuutoa mvuke peke yake kama kipande kirefu zaidi, kukikata katikati na kubadilishana nusu zake: ya pili ikatangulia, ya kwanza ikafuata, zikipishana kwa fremu 15 huku moja ikififia na nyingine ikitokea. Mwisho na mwanzo wa kipande sasa ni fremu mbili zilizokuwa jirani tangu mwanzo, kwa hiyo haziwezi kugombana. Mshono umehamia katikati, na katika moshi, mawingu au maji, kufifia kwa fremu 15 hakuonekani. Usijaribu kwa video ya mtu. Utapata mwenye vichwa viwili.

Dada alitaka pia mlio wa vikombe, ule wa muuza kahawa anapovigonganisha mkononi akipita mtaani. Tuliuweka fremu ya 80. Mwangwi wake unadumu kama sekunde moja, ina maana unavuka mwisho wa video kwa fremu 5 hivi. Kuukata hapo kungesikika kama mlango uliobamizwa, basi kipande hicho cha mwangwi tulikihamishia mwanzoni kabisa.

Kabla ya kukabidhi tunaunga video mara kumi na kuitazama mfululizo:

```
ffmpeg -stream_loop 9 -i kahawa.mp4 -c copy jaribio.mp4
```

Amri hii inaicheza mara moja na kuirudia mara tisa, jumla sekunde 40. Kwa njia hiyohiyo tunatengeneza faili la pili la marudio manne kwa ajili ya status ya WhatsApp, ambako video haijirudii bali inampisha mwenzake.

Ukituletea video inayoruka, tuletee na faili la mradi lenye tabaka zake. Tukiwa nalo, fremu iliyozidi au kasi mbaya ni kazi ya saa moja. Tukiwa na MP4 peke yake, mara nyingi tutakushauri tuchore upya, kama tulivyofanya hapa.

Kipimo chetu cha mwisho hakina kompyuta. Tunampa mteja simu na kumwomba aonyeshe video inaanzia wapi. Dada alitazama, akatazama tena, kisha mlio wa vikombe uliposikika akasema, "Hapo." Mshono wenyewe ulikuwa fremu 20 mbele.